Kebo za kwanza za simu baharini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha umeme, na kila mwaka nikifika kwenye somo la kapasita huwasimulia wanafunzi habari za kebo ya Atlantiki, kwa sababu sijaona mfano mwingine unaoonyesha vizuri hivyo kinachotokea mtu akiusukuma umeme bila kuuelewa. Maswali yao hayabadiliki sana. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu.

"Simu" ya wakati huo ilikuwa ipi?

Ilikuwa telegrafu. Neno simu lina asili ya Kiajemi, likimaanisha waya, na wazee wetu walipolitumia zamani walikuwa wanasema habari za waya wa telegrafu au barua iliyopita kwenye waya huo. Hakukuwa na sauti ya mtu. Kulikuwa na betri upande mmoja, waya katikati, na upande wa pili kifaa kilichoonyesha kwamba mkondo umefika. Karani alikata na kuunganisha mkondo kwa mpangilio maalumu, na mwenzake akausoma kama herufi.

Nchi kavu waya ulitundikwa kwenye nguzo tu. Baharini shida ilikuwa nini?

Hewa haipitishi umeme, kwa hiyo waya mtupu juu ya nguzo unatosha. Maji ya chumvi yanapitisha. Ukiuzamisha waya mtupu baharini, umeme wote unatoroka mita chache tu kutoka ufukweni. Lazima waya uvikwe kitu kisichopitisha umeme wala maji, kisichooza, na kinachokunjika bila kupasuka. Mpira wa kawaida ulijaribiwa, lakini mpira wa enzi hizo ulichakaa haraka.

Kilichookoa ni gutapacha. Ni utomvu wa miti ya misitu ya Malaya na visiwa vya jirani, nao ulianza kujulikana London miaka ya 1840. Ukiuchovya kwenye maji ya moto unalainika kama donge la ugali, unaufinyanga utakavyo, kisha ukipoa unakuwa mgumu. Adui zake ni jua na hewa, ambavyo huufanya uwe mkavu na kumeguka. Chini ya bahari hakuna jua wala hewa. Kuna giza, baridi na mgandamizo, na katika hali hiyo gutapacha huhami vizuri kuliko inavyohami juu mezani. Ni bahati ya ajabu kwamba kitu hiki kilipatikana miaka ileile ambayo kilihitajika.

Kebo ya kwanza kabisa ya baharini ilikuwa ipi?

Agosti 1850 ndugu wawili, Jacob na John Brett, walitandaza waya wa shaba uliovikwa gutapacha tu kutoka Uingereza hadi Ufaransa. Ulikuwa mwepesi kiasi kwamba ilibidi wafunge vipande vya risasi ili uzame. Haukumaliza hata siku ya pili kabla ya kukatika. Mwaka 1851 walirudi na kebo iliyozungushiwa nyaya nene za chuma kama deraya, nayo ikafanya kazi miaka mingi. Somo likaonekana rahisi: shaba ndani, gutapacha katikati, chuma nje. Watu wakaamini kwamba Atlantiki ni jambo lilelile, ila refu zaidi. Kosa lilianzia hapo.

Jaribio la Atlantiki la 1857 lilishindikana kwa nini?

Hilo lilikuwa kosa la breki. Kebo inashuka kupitia tezi, yaani nyuma ya meli, huku meli ikienda mbele. Chini kuna kina cha zaidi ya pima 2,000, na uzito wa kebo yote inayoning'inia unavuta nyingine itoke. Bila breki ingechomoka kwa fujo na kuisha kabla ya kufika ng'ambo. Breki ikikazwa kupita kiasi, inakatika.

Kebo hiyo ilikuwa na uzito wa karibu tani moja kwa kila maili ya baharini, na katika maji tuli ingeweza kubeba uzito wa karibu maili tano za urefu wake. Kina kilikuwa kama maili mbili. Kwa hesabu ya karatasi ilikuwa salama. Lakini meli haikai tuli. Mawimbi yanapoinua tezi, kebo inavutwa ghafla, na ni lazima breki ilegezwe sekunde hiyohiyo. Alfajiri ya tarehe 11 Agosti 1857, baada ya meli Niagara kutandaza zaidi ya maili 300 kutoka Valentia, Ireland, breki ilikuwa imekazwa wakati tezi inapanda. Kebo ikakatika na kuzama.

Mwaka uliofuata walikuja na breki iliyojilegeza yenyewe mvuto ukizidi kiwango kilichowekwa. Upande huo wa shida ukawa umeeleweka.

Kebo ya 1858 ilifika ng'ambo. Mbona ilikufa baada ya wiki chache?

Hili ndilo swali kubwa, naomba uvumilivu.

Agosti 5, 1858 meli mbili, Agamemnon na Niagara, zilifikisha ncha za kebo Valentia na Newfoundland, Amerika Kaskazini. Zilikuwa zimeungana katikati ya bahari, kisha kila moja ikaelekea kwake. Kulikuwa na shangwe na fataki. Kisha Malkia Victoria akamtumia Rais Buchanan wa Marekani salamu za maneno 98, na kuyapitisha kulichukua kama saa 16. Gawa mwenyewe: karibu dakika kumi kwa kila neno. Sehemu ya muda huo ilipotea kwa kurudia na kusahihisha, lakini hata hivyo ni mwendo wa kobe.

Aliyekuwa na dhamana ya umeme alikuwa Wildman Whitehouse, daktari wa upasuaji aliyejifunza umeme mwenyewe. Aliamini kwamba ishara ikifika dhaifu, dawa ni kuongeza nguvu. Alikuwa na koili kubwa za urefu wa futi tano, zilizotoa takriban volti 2,000, naye akazielekeza kwenye kebo ambayo tayari ilikuwa na udhaifu. Palipokuwa na kitundu kidogo kwenye gutapacha, umeme ule ulipenya kwenda majini na kukipanua. Kadiri kitundu kilivyopanuka ndivyo ishara ilivyofifia, na hapo mtu mwenye imani yake alitaka kuongeza nguvu zaidi. Whitehouse aliondolewa kazini mwezi huohuo, lakini madhara yalikuwa yamekwisha kufanyika. Mapema Septemba hapakuwa tena na maneno ya kusomeka.

Basi ni Whitehouse aliyeiua?

Aliiharakisha. Kebo ilikuwa mgonjwa kabla hajaigusa. Ilitengenezwa kwa haraka. Iliwekwa nje kwenye jua, gutapacha ikalainika, na waya wa shaba ulio mzito ukazama upande mmoja badala ya kukaa katikati. Vipande vilivyokaguliwa baadaye vilionyesha hivyo: upande mmoja gutapacha nene, upande wa pili ngozi nyembamba tu. Juu ya hapo kebo ilikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi, kiwandani na melini. Mimi sipendi masimulizi yanayomtwika mtu mmoja mzigo wote. Kebo iliyotengenezwa kwa uangalifu ingeweza kustahimili kosa lake kwa muda mrefu zaidi.

Lakini kwa nini ishara ilichelewa, ilhali umeme unakwenda kasi sana?

Kwa sababu kebo ya baharini si bomba tupu. Iangalie kwa ukaribu: shaba ndani, gutapacha inayohami, kisha maji ya bahari nje, ambayo nayo yanapitisha umeme. Vipitishi viwili vyenye kihami katikati ni kapasita. Kebo nzima, kutoka Ireland hadi Newfoundland, ni kapasita moja ndefu.

Fikiria mpira wa kumwagilia bustani uliotengenezwa kwa mpira laini unaovimba. Ukifungua bomba, maji ya kwanza hayatoki upande wa pili. Yanautunisha mpira kwanza. Ukifunga, hayakomi papo hapo, maana mpira unasinyaa ukiendelea kuyatoa. Kebo nayo hufanya vivyo hivyo na chaji. Karani anabonyeza kitufe kifupi na kwa ukali, lakini ng'ambo ishara inafika kama wimbi la polepole linaloinuka, kisha linashuka kwa uvivu. Akituma ya pili kabla ya ile ya kwanza kushuka, zinachanganyika na hazisomeki.

William Thomson, profesa wa Glasgow, alilifanyia hesabu mwaka 1854. Ucheleweshaji hutegemea ukinzani wa waya mzima ukizidishwa kwa chaji ambayo kebo nzima inahifadhi. Ukirefusha kebo mara mbili, ukinzani unakuwa mara mbili na hifadhi inakuwa mara mbili, kwa hiyo ucheleweshaji unakuwa mara nne. Chukua kebo ya maili 100 inayofanya kazi bila shida. Ukirefusha ya aina hiyohiyo hadi maili 2,000, urefu umeongezeka mara 20, lakini ucheleweshaji umeongezeka mara 400. Whitehouse aliikataa hesabu hii hadharani. Kwake yeye na kwa wakurugenzi ilikuwa habari mbaya, maana ilidai kebo nene na ghali.

Na hapa ndipo volti kubwa inaposhindwa hata pasipo kitundu. Kufungua bomba kwa nguvu zaidi kunautunisha mpira zaidi, na ishara inabaki na umbo lilelile la uvivu, ila kubwa. Haiendi haraka hata kidogo.

Basi mtu anafanyaje ishara iende haraka?

Unapunguza ukinzani kwa kutumia shaba nene na safi. Kuhusu usafi, Thomson alipima shaba ya viwanda mbalimbali akakuta baadhi inapitisha umeme vibaya sana kuliko nyingine, ingawa kwa macho zote zinafanana. Tangu hapo shaba ya kebo ikawa inapimwa kabla ya kupokelewa.

Lakini kuna mtego. Ukinenepesha shaba ndani ya gutapacha ileile, shaba inasogelea bahari, na hifadhi ya chaji inaongezeka. Faida ya mkono mmoja inaliwa na mkono wa pili. Kwa hiyo gutapacha nayo lazima inenepe.

Kebo ya Bahari ya Shamu inahusikaje?

Inahusika sana, na mara nyingi inasahaulika. Mwaka 1859 na 1860 Waingereza walitandaza kebo kutoka Suez hadi Aden, kisha kupitia pwani ya Omani na Maskati hadi Karachi. Iligharimu takriban pauni 800,000. Ilitandazwa ikiwa imekazwa, bila ziada ya urefu, juu ya sakafu ya bahari yenye matumbawe na mabonde. Badala ya kulala ilining'inia kama kamba ya kuanikia nguo, viumbe vya baharini vikaota juu yake mpaka uzito ukaikata. Njia nzima haikuwahi kufanya kazi ya maana. Serikali ilikuwa imewadhamini wenye hisa bila masharti, hivyo walipa kodi wakaendelea kutoa pauni 36,000 kila mwaka kwa ajili ya kebo mfu.

Pigo hilo, pamoja na la Atlantiki, ndilo lililofanya iundwe kamati ya uchunguzi. Ilipomaliza kazi mwaka 1861 hesabu ilikuwa ya kusikitisha: kati ya zaidi ya maili 11,000 za kebo zilizokwisha kutandazwa duniani, kama maili 3,000 tu zilikuwa hai. Jibu la kamati halikuwa kwamba jambo haliwezekani. Ilisema kila hatua ipimwe, tangu shaba kiwandani hadi kebo ikiwa majini, na kwa vipimo vinavyofanana kila mahali. Mafundi wa kila kampuni walikuwa na kipimo chao cha ukinzani, na hawakuweza hata kulinganisha majibu.

Kebo ya 1865 ilibadilishwa nini?

Shaba iliongezwa kutoka ratili 107 hadi ratili 300 kwa maili. Gutapacha iliongezwa kutoka ratili 261 hadi 400, ikiwekwa kwa matabaka manne, na kati ya tabaka na tabaka kukapakwa mchanganyiko wa gutapacha na lami uliogandisha kila kitu pamoja. Matabaka yana maana: kitundu cha tabaka moja ni nadra sana kikutane na kitundu cha tabaka la juu yake.

Nje ziliwekwa nyaya kumi za chuma, kila moja ikiwa imevikwa nyuzi za katani ya Manila. Kwa hiyo kebo ilikuwa nzito zaidi ikiwa melini, lakini majini uzito wake ulipungua sana, na iliweza kubeba kama maili 11 za urefu wake yenyewe badala ya tano. Na safari hii meli moja tu iliibeba yote, Great Eastern, kwa kuwa ndiyo peke yake duniani iliyokuwa na nafasi hiyo. Kebo ilikaa kwenye matangi ya maji ndani ya meli, mbali na jua.

Hata hivyo ya 1865 nayo ilikatika?

Ndiyo, na inauma kuisoma. Mara tatu chumba cha vipimo kiliona umeme ukivuja, na mara mbili za kwanza walipoivuta kebo nyuma walikuta kipande cha waya wa chuma kimechoma gutapacha hadi kwenye shaba. Kwanza walidhani ni hujuma. Baadaye ikaonekana inawezekana kabisa kuwa ni chuma kilichovunjika kutoka kwenye deraya yenyewe, kikasukumwa ndani na uzito wa kebo tangini.

Walilijuaje tatizo haraka hivyo? Mkondo mdogo uliachwa ukipita kwenye kebo muda wote, na fundi akikaa gizani akitazama nukta ya mwanga iliyorushwa na kioo cha Thomson kwenye karatasi yenye alama za kipimo. Gutapacha ikiwa nzima, nukta inatulia. Ikitobolewa, nukta inaruka. Kwa kuwa ukinzani wa maili moja unajulikana, unapima ukinzani hadi penye kovu na kugawanya, nawe unapata umbali. Kwa kuwa kovu nalo lina ukinzani wake, jibu ni la kukadiria, lakini linatosha kusema kama ni maili kumi au mia tano.

Tarehe 2 Agosti, kama maili 1,200 zikiwa zimetandazwa na 600 hivi zimebaki, walikuwa wanaivuta nyuma tena kwa ajili ya hitilafu ya tatu. Kuvuta kulifanyika kwa omo, yaani mbele ya meli, na kebo ilisuguliwa wakati meli inayumba. Ikakatika. Waliinasa chini kwa nanga ya makucha zaidi ya mara moja, na kila mara kamba ya kuivutia ndiyo iliyokatika. Hawakuwa tena na kamba. Wakarudi.

Kioo hicho cha Thomson, kilichorusha nukta ya mwanga, kilifanyaje kazi?

Kioo chenyewe ni kidogo kuliko shilingi, chepesi kama punje, na nyuma yake kimebandikwa sumaku ndogo ndogo. Kinaning'inizwa kwa uzi mmoja wa hariri ndani ya koili ya waya. Taa inamulika kioo kupitia mwanya mwembamba, nacho kinarusha mwanga kwenye karatasi yenye alama za kipimo iliyo mbali kidogo. Mkondo dhaifu mno ukipita kwenye koili, sumaku zinageuka kidogo sana, na kwa sababu ya umbali nukta ya mwanga inasogea kiasi cha kuonekana. Mwanga hauna uzito, kwa hiyo huo "mkono" mrefu haukizuii kioo hata chembe.

Kwa kifaa hiki karani hakuhitaji kungoja wimbi lipande lote. Aliona mwanzo tu wa kupanda, akajua. Ishara zenyewe nazo zilibadilishwa: badala ya fupi iitwayo nukta na ndefu iitwayo mstari, zote zikawa fupi sawa, ila nukta ilitumwa kwa chaji ya upande mmoja na mstari kwa chaji ya upande wa pili. Mwanga ukienda kushoto ni nukta, ukienda kulia ni mstari. Na chaji ya pili iliyo kinyume na ya kwanza husaidia kuifuta iliyobaki ndani ya kebo.

Kazi hiyo ilichosha macho. Mmoja alitazama na kutamka, mwingine aliandika. Mwaka 1867 Thomson akabuni kirekodi chenye mrija wa kioo mwembamba kama unywele, uliochora mstari wa wino wenye mawimbi kwenye utepe wa karatasi.

1866 walifanikiwa kweli?

Mara mbili. Great Eastern iliondoka Valentia tarehe 13 Julai na kebo mpya, ikafika Heart's Content, Newfoundland, tarehe 27. Ilipitisha kama maneno manane kwa dakika tangu mwanzo.

Kisha meli ikarudi katikati ya bahari kuitafuta ile ya 1865. Nanga za makucha ziliburutwa kwenye kina cha zaidi ya pima 2,000, na kila kuishusha na kuipandisha kulichukua saa nyingi. Ilinaswa ikaponyoka, ikanaswa tena. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba ncha iliingia melini. Ikapelekwa kwenye chumba cha vipimo, na watu wakasimama kimya mlangoni. Kule Valentia makarani walikuwa wamekaa zamu mwaka mzima wakiitazama nukta ya mwanga ya kebo ambayo ilidhaniwa imekufa. Usiku ule nukta ilianza kucheza, kisha ikatamka herufi. Waliunga kebo na kuimalizia, na tarehe 8 Septemba njia ya pili ikawa hai.

Ni kweli kwamba ishara ilivuka bahari kwa kastabani?

Kweli. Baada ya kebo zote mbili kufanya kazi, mhandisi Latimer Clark aliomba ziunganishwe upande wa Newfoundland, zikawa waya mmoja wa kwenda na kurudi. Upande wa Valentia akachukua kastabani ya fedha, ile kofia ya kidole ya mshonaji, akaweka tindikali kidogo na kipande cha zinki. Hiyo ndiyo betri yake, isiyofika hata volti mbili. Ishara ikaenda Amerika, ikarudi, na nukta ya mwanga ikasogea. Iweke kando ya zile volti 2,000 za 1858.

Kwetu kebo ilifika lini?

Zanzibar iliunganishwa mwaka 1879, kwenye njia iliyotoka Aden, ikapita Unguja na Msumbiji hadi Durban. Vita vya Waingereza na Wazulu, kule Afrika Kusini, ndivyo vilivyoharakisha kazi. Mapigano ya Isandlwana katika vita hivyo yalifanyika tarehe 22 Januari 1879, na London haikupata habari hadi tarehe 11 Februari, kwa sababu sehemu kubwa ya njia habari zilibebwa na meli. Kabla ya mwaka huo kuisha, karani wa Unguja alikuwa anaweza kusoma ujumbe wa Ulaya siku ileile ulipoandikwa, kupitia shaba na gutapacha za mtindo ule uliothibitishwa mwaka 1866.